Mvua Inayopita Juu ya Vichwa

Mtu akizaliwa Kinole huzoea mapema kwamba jua halimalizi safari yake. Kijiji kimekaa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru na mlima umesimama magharibi yake, hivyo alasiri ikiwa bado mbichi jua hujificha nyuma ya msitu, na kivuli kikateremka juu ya migomba na mikarafuu wakati tambarare za chini bado zinaungua. Mvua nayo ina njia yake. Hutoka baharini, ikavuka Uzaramo, Ukwere na Ukutu, ikafika Kinole ikitokea mgongoni mwa anayeutazama mlima. Kwa vizazi vingi watu wa nchi hizo tatu walifuata njia hiyo hiyo, kutoka chini kwenda juu, kuja kuomba mvua ambayo ilikuwa imepita juu ya vichwa vyao bila kushuka.

Hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha. Ukiuliza kwa nini binadamu kila mahali wameweka miungu yao milimani, jibu la haraka ni kwamba kilele kiko karibu na mbingu. Jibu hilo limesemwa juu ya Sinai, juu ya Olimpo, juu ya Kailashi kule Tibeti. Lakini mtu wa Kinole akilipima kwa mlima wake mwenyewe, halimtoshi. Kilele cha juu kabisa cha Uluguru, Kimhandu, kina urefu wa zaidi ya mita 2,600, na wala hakionekani vizuri kutoka vijiji vingi, kwa kuwa kimefunikwa na msitu chini na mawingu juu. Hakina theluji ya kumeremeta. Hakuna anayekitaja katika maombi. Walioomba katika milima hii walikwenda kwenye makaburi ya wazee, kwenye msitu mdogo usiokatwa, kwenye pango linalotoka maji. Ukubwa wa mlima walikuwa wakiutambua, ila mlango walioubisha ulikuwa chini zaidi.

Basi tuanze na mvua yenyewe, maana bila kuielewa hatutawaelewa walioiomba.

Safu ya Uluguru imekaa kaskazini kuelekea kusini, umbali wa kilomita 180 hivi kutoka baharini, na kati yake na pwani hakuna kitu kirefu cha kuzuia upepo. Upepo wa Bahari ya Hindi unafika ukiwa na unyevu wake karibu wote. Unapoukuta mlima hauna pa kupita isipokuwa juu. Hewa inayopanda hutanuka na kupoa, takriban digrii moja kwa kila mita 100 kabla mawingu hayajaanza kujikusanya, na hewa iliyopoa haiwezi tena kuubeba mvuke iliokuja nao. Ndipo mvua inashuka, na inashuka upande wa mashariki. Kuna sehemu za mteremko huu zinazopata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, na hata mwezi wa Agosti, wakati nchi nzima ni vumbi, asubuhi majani ya huku yana maji. Upepo ukishavuka mgongo wa mlima unateremka ukiwa mkavu, na mji wa Morogoro, ulio chini ya mlima huo huo, hupata karibu theluthi moja tu ya kiasi hicho.

Msitu nao una kazi yake ambayo haipimwi na ndoo ya mvua. Juu, kwenye ukungu wa kudumu, kila tawi limevikwa kuvumwani na vigoga, na ukungu ukipita humo matone madogo hunasa kwenye majani, yakaungana, yakadondoka. Mtu anaweza kusimama chini ya miti hiyo siku isiyo na mvua akalowa. Maji hayo huingia taratibu kwenye udongo mweusi, yakatoka wiki nyingi baadaye kama chemchemi. Hivyo ndivyo mito ya Mfizigo, Mbezi, Mvuha na Mgeta inavyoendelea kutiririka kiangazi, na yote hatimaye huingia Ruvu. Na Ruvu, baada ya kuizunguka nchi ya Wakutu na Wakwere, huishia baharini karibu na Bagamoyo.

Sasa mweke mkulima wa Kizaramo katika picha hiyo. Mwezi wa Novemba ameshatayarisha shamba, vuli haijaja. Anaona mawingu yakipita kutoka baharini, mchana baada ya mchana, yakielekea magharibi. Anayaona yakijikusanya mbali, bluu juu ya bluu, na usiku anaona radi huko. Siku chache baadaye mto ulio karibu naye unafura kwa maji mekundu ya udongo wa mahali pengine. Mtu huyu hahitaji kuambiwa na mtu yeyote kwamba huko kuna mwenye mvua. Ushahidi uko mbele ya macho yake, na ushahidi huo ni sahihi. Alichobaki nacho ni swali la nani wa kumwendea, na kwa mkono gani.

Kinole ilikuwa mojawapo ya majibu. Hapo ndipo makao ya Kingalu, mwenye mvua mashuhuri kuliko wote upande huu wa milima. Kingalu ni jina la kiti. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na jina hurithiwa ndani ya ukoo huo, kwa kawaida mjomba akipokewa na mtoto wa dada yake. Anayesimikwa hupokea jina na pamoja nalo hupokea nafsi ya waliotangulia: undugu wao, madeni yao, na maneno waliyowekeana na majirani. Kwa hiyo mtu aliyekuja Kinole kuomba mvua alikuwa akizungumza na Kingalu yule yule ambaye babu yake alizungumza naye. Naona hili ni jambo zito. Mlima unadumu, na ili mtu aweze kuusemea mlima mbele ya watu, ilibidi naye adumu, na jina lilimpa uwezo huo.

Kitu kingine kinachopaswa kuelezwa ni kwamba mamlaka ya Kingalu hayakutokana na majeshi. Waluguru hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulikuwa na ardhi yake, mipaka yake ya vijito na migongo ya vilima, na kiongozi wake ambaye alifanya tambiko kwenye makaburi ya ukoo huo. Hakuna ukoo uliotawala mwingine. Lakini mvua haijui mpaka wa ukoo, na hivyo mwenye mvua aliheshimiwa na watu ambao hakuwa na haki ya kuwaamuru hata kidogo. Walimletea zawadi wenyewe. Wakoloni, kwanza Wajerumani na baadaye Waingereza, walipotafuta mtu wa kumfanya mtawala wa Waluguru wote, waliuona wadhifa huo wakadhani wamepata chifu wa kawaida. Heshima iliyotokana na kuombwa haikugeuka kirahisi kuwa amri, na historia ya utawala huo milimani ina migongano mingi inayotokana na kosa hilo.

Jibu la pili lilikuwa kusini zaidi ya Kinole, upande huo huo wa mashariki, mahali panapoitwa Kolero hadi leo. Huko kuna pango, na katika pango hilo aliishi Kolelo.

Habari za Kolelo zimeandikwa tangu zamani. Richard Burton alipopita Dutumi, chini ya milima hii, mwaka 1857, aliandika kwamba milimani kuna pango ambalo watu wanaliendea kwa hofu na sadaka. Lakini maelezo marefu zaidi yalikusanywa mwanzoni mwa karne ya 20 na mmisionari wa Kilutheri, Martin Klamroth, kutoka kwa Wazaramo, yaani kutoka kwa watu wa bondeni. Kwa masimulizi hayo, Kolelo ni joka kubwa. Lilimchukua mwanamke wa ukoo wa Mlali na kumfanya mke wake, likawaambia ndugu zake kwamba limetumwa na Mungu kuiweka nchi sawa, na kwamba tangu siku hiyo ukoo wao utakuwa mtumishi wake kwenye pango hilo. Watu wa ukoo wa Mlali wakawa walinzi wa mlango. Mtu wa Uzaramo aliyefika hakuweza kumwendea Kolelo moja kwa moja. Alipokelewa na walinzi, akaeleza shida yake, na wao wakaingia na neno lake.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu muundo wa hadithi hii unasema mengi. Joka si mwenyeji wala mgeni kamili: limetumwa na Mungu, lakini limeoa kwa watu. Kwa desturi ya ukoo wa mama, mume huingia katika ukoo wa mke kama mkwe. Basi Kolelo kwa ukoo wa Mlali ni mkwe. Ana wajibu kwa wakwe zake na wao wana wajibu kwake, na wajibu wa ukwe ndio wajibu unaoeleweka vizuri kuliko wote katika jamii hii, kwa kuwa kila mtu anauishi nyumbani kwake. Nguvu isiyofikika imefungwa kwa uzi wa ndoa. Na kwa kuwa ndoa hiyo ni ya ukoo mmoja tu, wengine wote lazima wapitie kwao.

Ujumbe wa kuomba mvua ulikuwa kazi ya siku nyingi. Ukame ukizidi, wazee wa vijiji vya bondeni walishauriana, wakachangisha, wakachagua wa kwenda. Walibeba majembe ya chuma na nguo, hasa nguo nyeusi, rangi ya wingu lenye mvua ndani yake. Walipanda kwa miguu kufuata mito ile ile ambayo walikuwa wanaomba ijae. Pangoni, inasimuliwa, mlinzi alitamka maombi na wote wakasubiri sauti. Mngurumo kutoka ndani ulikuwa ishara kwamba neno limesikika. Katika pango la mlima unaotoa maji, mngurumo si jambo la ajabu, na sidhani kwamba kusema hivyo kunampunguzia mtu yeyote heshima. Aliyetembea kutoka karibu na bahari hadi hapo alikuwa amekwenda kusikiliza maji yalipo, na aliyasikia.

Wakirudi, walirudi na masharti. Hapa ndipo kazi ya mwenye mvua inapoonekana kwa undani wake, na pia udhaifu wake. Jibu la mlima mara chache lilikuwa ndiyo au hapana tupu. Lilikuwa: kuna jambo limeharibika kwenu, lirekebisheni. Pengine makaburi hayajafagiliwa, ugomvi wa ndugu haujaamuliwa, msitu wa mizimu umekatwa. Kijiji kililazimika kujichunguza. Vuli kwa kawaida huchelewa kwa wiki kadhaa kisha ikaja, na muda wa kwenda, kurudi na kusuluhishana ulitosha mara nyingi kufikia wakati wa mvua. Isipokuja, sababu ilikuwa tayari: sharti fulani halikutimizwa. Maelezo ya namna hiyo hayawezi kushindwa, na jambo lisiloweza kushindwa linaweza kumlemea mnyonge. Wakati wa njaa kali kutafuta aliyeharibu kuliweza kumwangukia mtu asiye na wa kumtetea. Hilo lisemwe bila kuficha. Lakini pia lisemwe kwamba msitu uliobaki kuzunguka makaburi na chemchemi za Uluguru, vipande vidogo vya miti mikubwa katikati ya mashamba, umebaki kwa sababu ya hofu hiyo hiyo.

Turudi kwenye kilele. Ukisimama Morogoro mjini na kutazama juu, utaona Lupanga, mita 2,138, na upande wake Bondwa, yenye urefu unaokaribiana nao. Juu ya Bondwa kuna minara ya mawasiliano. Hakuna mahali bora pa kuiweka, maana mtambo unahitaji kuona mbali pande zote, na kilele kinatoa hilo. Urefu mtupu una manufaa yake, na minara ndiyo inayoyatumia. Kuomba kunahitaji kitu kingine: mahali ambapo kinachotolewa kinatokea, na mtu wa kulipokea ombi. Ndiyo maana mungu wa milima hii yuko pangoni kwa mkewe.

Nimejaribu kulipima wazo hili kwenye milima mingine ya Afrika Mashariki, nione kama linasimama. Huko Kilimanjaro, Wachaga waliutazama upande wa Kibo kama upande wa heshima, na marehemu alizikwa akielekezwa huko. Mto, mfereji na mvua ya mteremko wa kusini, vyote vinatoka upande huo. Wagikuyu waliomba wakielekea Kirinyaga, ambako Ngai hukaa, na nchi yao yote imechanwa na mito inayoteremka kutoka mlima huo. Katika milima yote miwili waliouheshimu mlima waliugeukia tu, hawakukwea hadi juu. Waliosimama kwanza juu ya vilele hivyo na kuandika kwamba wamesimama walikuwa wageni, Hans Meyer juu ya Kibo mwaka 1889 na Halford Mackinder juu ya Mlima Kenya mwaka 1899. Kwao kilele kilikuwa mahali pa kufika. Kwa wenyeji kilikuwa mahali pa kuelekea, na tofauti hiyo ni kubwa: anayefika hana tena haja ya kuomba.

Ol Doinyo Lengai ulinisumbua. Mlima huo wa Wamasai, karibu na Ziwa Natron, ni mkavu, hauna mto wa maana, na unatoa moto. Ulilipuka mwaka 1966 na tena mwaka 2007. Wamasai huenda chini yake kuomba mvua na watoto. Mwanzoni nilidhani hapa hoja ya maji inavunjika. Lakini majivu ya volkano za nyanda hizo, zikiwamo Kerimasi na Lengai yenyewe, ndiyo yaliyotengeneza udongo wa tambarare za Serengeti zenye nyasi fupi na chumvichumvi ambazo wanyama huzifuata wakati wa mvua ili kuzalia. Mfugaji aliyeishi na nyasi hizo anajua ubora wake bila kupima madini. Hapo mlima hutoa malisho, kama Uluguru unavyotoa mto. Kinachofanana ni kwamba uhai wa walio chini unateremka kutoka mahali wasipopamiliki.

Hilo ndilo jibu ninaloliamini. Mlima unakuwa mahali pa kukutana kwa dunia mbili pale ambapo kweli kuna dunia mbili, ya juu na ya chini, na moja haiwezi kuishi bila kinachotoka kwa nyingine. Mbingu iko katika habari hii, lakini inaingia kupitia wingu. Na mungu anakaa mahali ambapo mhitaji hawezi kufika bila kupitia kwa wenyeji, kubeba kitu, na kueleza amekuja kwa nini.

Mwaka 1905 uhusiano huo ulishika moto. Katikati ya mwaka huo neno lilienea Uzaramo kwamba Kolelo amekataza watu kulipa kodi ya Wajerumani. Huko kusini, Ngarambe karibu na Rufiji, Kinjikitile Ngwale alikuwa akigawa dawa ya maji, na watu walimwendea kwa makundi kama walivyokuwa wakipanda kwa Kolelo, na zawadi mkononi. Ngarambe si mlima. Inasimuliwa kwamba Kinjikitile alichukuliwa na roho akaingia kwenye kidimbwi cha mto, akatoka siku iliyofuata bila kulowa. Wanahistoria walioichunguza vita ya Maji Maji, hasa Gilbert Gwassa na John Iliffe, walionyesha jinsi imani hizi za zamani za hija na maji zilivyotoa njia ambayo ujumbe wa vita uliipita. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Kinachonigusa ni kwamba watu wa makabila ambayo hayakuwa na mtawala mmoja walikuwa na mazoea mamoja ya kwenda mbali, kuomba pamoja, na kurudi na sharti moja. Mazoea hayo waliyajenga wakati wa ukame.

Nusu karne baadaye, watu wa bondeni waliuhitaji tena mlima, safari hii kupitia ofisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliona mito ya Uluguru ikishuka na udongo, na Ruvu kuharibika. Ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na kiini chake kilikuwa matuta ya ngazi: kila mwenye shamba achimbe matuta kwenye mteremko wake kwa lazima, asipofanya ashtakiwe. Kwenye udongo wa huku tabaka zuri ni jembamba. Ukichimba ngazi pana unafukia udongo mweusi na kuleta juu udongo mwekundu usiozaa, na mahindi ya mwaka huo yanatoka ya njano. Wakulima waliliona hilo mashambani kwao, wakaona pia siku za kazi zinazopotea, na wakaingiwa na hofu kwamba ardhi itachukuliwa. Mwezi Julai 1955 maandamano ya Matombo, jirani na huku, yaliishia kwa polisi kupiga risasi na mtu mmoja kufa. Mpango ukaachwa. Bondeni walikuwa na haja halali kabisa; maji yalikuwa yanaharibika kweli. Lakini walikuja mikono mitupu, na amri mdomoni.

Ukiyaweka matukio hayo karibu na mradi ulioanza mwaka 2006 katika eneo la Kibungo, kusini ya Kinole, utaona jambo linaloshangaza. Mashirika ya CARE na WWF yalifanya mpango ambao DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji ya Dar es Salaam, ingechangia malipo kwa wakulima wa juu watakaolinda udongo. Miongoni mwa kazi zilizolipiwa yalikuwamo matuta: ya ngazi, na ya fanya juu na fanya chini, pamoja na kupanda miti. Yaani ngazi zile zile zilizoleta risasi mwaka 1955 zilichimbwa sasa na watu walioamua wenyewe, kwa samadi ya kufidia udongo uliogeuzwa, kwa fedha ambayo wanywaji wa maji walitakiwa kuichangia. Kiasi kilikuwa kidogo na wakulima walikuwa wachache ukilinganisha na mlima mzima. Lakini sura ya jambo ilikuwa ya zamani: mtu wa bondeni amepanda, amebeba kitu, ameeleza haja yake, na amepewa masharti.

Sidai kwamba mhasibu wa shirika la maji anafanya tambiko. Kingalu hakuombwa maji tu. Aliombwa kuwasemea watu mbele ya waliokufa, na hakuna malipo ya benki yanayofika huko. Msikiti na kanisa vimekuwapo mashariki mwa Uluguru kwa zaidi ya miaka mia, na watu wengi wa Kinole huomba mvua humo. Ninachodai ni kwamba msitu ulio juu, unaolindwa tangu mwaka 2008 kama Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, na jangili wake, na mkata mbao wake, na ndege wake wasiopatikana popote pengine duniani, hauwezi kulindwa kwa mpaka peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2022 vuli ilichelewa, Ruvu ikapungua, na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji. Viongozi wa dini waliombea mvua, na serikali ikaondoa wachepushaji maji kandokando ya mto. Mjini hapakusikika sana swali la nini kipelekwe mlimani. Bwawa la Kidunda, linalojengwa kwenye Ruvu chini ya milima hii ili kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, litasaidia sana siku za ukame, lakini bwawa hujaa maji yaliyoshuka, na likishukiwa na udongo hujaa udongo.

Na huko juu hesabu ni ya mtu mmoja na mteremko wake. Mkulima wa Kinole mwenye ekari mbili anaweza kulima mahindi na mihogo mwaka huu, akavuna mwaka huu, na udongo wake ukaanza safari ya kwenda Kidunda masika ijayo. Au anaweza kupanda mikarafuu na mdalasini, mizizi ikashika ardhi, na kivuli cha miti hiyo kikapokea pilipili manga inayopanda kwenye mashina. Watu wengi wa huku wanajua kwamba la pili ni bora, na mashamba ya viungo ya Kinole yanalithibitisha. Mkarafuu lakini hauchumwi kabla ya mwaka wa sita, mara nyingi wa saba au wa nane, na mdalasini hukatwa mapema zaidi kidogo. Miaka hiyo yote ya kungoja, watoto wanakula na ada inadaiwa. Aliye bondeni akitaka mto ushuke safi, hiyo ndiyo miaka anayotakiwa kuibebea kitu mkononi.